Umekubali Ofa, Mwajiri Kanyamaza

Karibu na mwisho wa barua ya ofa ya kazi, chini ya mshahara na tarehe ya kuanza, mara nyingi huwa kuna sentensi ambayo macho ya mtu mwenye furaha huiruka. Inasema kwamba ofa hiyo itakuwa halali endapo uhakiki wa vyeti, maelezo ya wadhamini na vipimo vya afya vitamridhisha mwajiri. Mpokeaji anasaini, anairudisha kwa barua pepe, anawapigia simu wazazi. Kisha mawasiliano yanakatika. Wiki ya kwanza inapita, ya pili inapita, mkataba hauji, na simu ya ofisi inaita hadi inakatika yenyewe.

Hapo ndipo wengi hujikuta kwenye makosa mawili yanayopingana. Wapo wanaokaa kimya kwa kuogopa kuonekana wasumbufu, wakangoja mpaka siku mbili kabla ya kuanza ndipo waambiwe kuna karatasi ilikosekana. Na wapo wanaokimbilia kuacha kazi waliyo nayo siku ileile waliyosaini ofa, wakidhani kimya cha mwajiri mpya ni ishara kwamba mambo yako sawa. Kosa la pili ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu mtu anaweza kubaki bila kazi ya zamani na bila kazi mpya, huku kodi ya nyumba na ada za watoto zikiendelea kudai.

Kinachofanya jambo hili liwe gumu Tanzania ni notisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kwamba mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, akishavuka mwezi wake wa kwanza kazini, anapaswa kutoa notisi isiyopungua siku 28 iwapo mkataba wake unaweza kuvunjwa kwa notisi. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, mradi uwe sawa kwa mwajiri na kwa mfanyakazi, na kwa watu wa vyeo vya juu miezi mitatu si jambo la ajabu. Notisi hiyo inatakiwa kuwa ya maandishi. Mfanyakazi akikataa kufanya kazi katika kipindi hicho, mwajiri anaruhusiwa kukata katika malipo yake ya mwisho kiasi ambacho angelipwa kwa siku hizo. Kwa hiyo mtu aliyekubali ofa hafuatilii ili kutuliza roho tu. Ana tarehe moja kwenye kalenda ambayo ikipita bila uthibitisho, tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye ofa haiwezekani tena.

Hesabu yenyewe inaeleweka vizuri zaidi kwa mfano. Tuseme mhasibu msaidizi wa kampuni ya usafirishaji jijini Dar es Salaam amepata ofa ya nafasi ya mhasibu katika shirika lisilo la kiserikali lililoko Arusha. Barua ni ya Jumatatu, tarehe 9 Machi 2026. Inamtaka ajibu kabla ya Ijumaa, na inataja kuwa ataanza kazi Jumatatu, tarehe 4 Mei. Mhasibu anasaini na kuirudisha Jumatano, tarehe 11 Machi. Kati ya siku hiyo na siku ya kuanza kuna wiki saba na siku kadhaa, na kwa haraka haraka mtu angesema muda upo wa kutosha.

Sasa ahesabu kurudi nyuma. Ili awe huru kuanza tarehe 4 Mei, notisi yake ya siku 28 inapaswa iwe imekwisha kufikia mwisho wa Aprili, kwa kuwa tarehe 1 Mei ni Mei Mosi na siku mbili zinazofuata ni Jumamosi na Jumapili. Akiikabidhi Alhamisi, tarehe 2 Aprili, na siku zikaanza kuhesabiwa kesho yake, ya 28 itakuwa tarehe 30 Aprili. Inatosha barabara. Lakini tarehe 3 Aprili ni Ijumaa Kuu, tarehe 6 ni Jumatatu ya Pasaka, na tarehe 7 ni Siku ya Karume. Asipoikabidhi Alhamisi hiyo, ofisi itafunguliwa tena Jumatano, tarehe 8 Aprili, na notisi itakwisha tarehe 6 Mei, siku mbili baada ya siku aliyotakiwa kuwa Arusha. Wiki zake saba kwa kweli ni tatu: kuanzia tarehe 11 Machi hadi tarehe 2 Aprili, na katikati yake kuna sikukuu ya Idi.

Tarehe hiyo ya 2 Aprili ndiyo inayopanga ufuatiliaji wote. Asiyeijua ya kwake huishia kuandika ujumbe wa kubembeleza usio na swali la kujibiwa.

Hatua ya kwanza huanza siku ileile ya kusaini. Barua iliyosainiwa irudishwe kwa kujibu barua pepe ileile iliyoleta ofa, ili mfululizo wa mawasiliano usikatike, na mwishoni iwekwe sentensi moja tu ya kuomba uthibitisho kwamba imepokelewa. Skani za simu zinazotumwa kama picha nne nzito mara nyingine hugoma kupita kwenye mfumo wa barua pepe wa ofisi, na mtumaji asijue. Faili moja la PDF lenye kurasa zote ni salama zaidi. Uthibitisho huu una uzito wa kisheria pia. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamruhusu aliyetoa pendekezo kuliondoa wakati wowote kabla ukubali haujakamilika. Mtu mwenye jibu la maandishi linalosema “tumepokea” ameshaondoa ubishi kuhusu swali hilo.

Mhasibu wetu hakujibiwa siku hiyo wala kesho yake. Jumatatu, tarehe 16 Machi, akaandika mistari miwili kuuliza kama barua imefika, na akapata jibu la afisa rasilimali watu: “Imepokelewa, tutakujulisha.” Kisha kimya.

Ni vizuri kujua kinachoendelea upande wa pili wakati huo, kwa sababu kimya hiki kwa kawaida kina mahali kinapokaa. Faili la mwajiriwa mpya hupita kwa watu kadhaa. Mmoja anapiga simu kwa wadhamini. Mwingine anathibitisha vyeti, ama kwa chuo, ama kwa Baraza la Mitihani, ama kupitia kampuni iliyopewa kazi hiyo. Mkurugenzi anasaini mkataba, na katika mashirika yanayoendeshwa kwa fedha za wafadhili, huenda mkataba ukasubiri mpaka makubaliano ya mradi yenyewe yasainiwe. Afisa aliyetuma ofa mara nyingi hana jipya la kusema mpaka karatasi irudi kutoka kwa mtu mwingine, na wengi wao huona hakuna haja ya kuandika barua pepe ya kusema kwamba hakuna jipya. Anayengoja anasoma kimya hicho kama hukumu juu yake. Afisa mwenyewe hajafikiria hata kidogo kwamba kuna mtu anakosa usingizi.

Sababu zinazochelewesha mara nyingi ni ndogo, na nyingi ziko ndani ya uwezo wa mwajiriwa mwenyewe. Mdhamini amebadilisha namba ya simu au hapokei namba asizozifahamu. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili ilhali kitambulisho cha NIDA kina matatu, au herufi moja ya jina la ukoo imetofautiana, na mhakiki amesimama hapo akisubiri hati ya kiapo ambayo hakuna aliyemwambia mhusika ailete. Chuo kimetumiwa ombi la uhakiki katikati ya likizo. Mambo haya hayatatuliwi kwa kungoja. Yanatatuliwa kwa kuuliza swali linalomlazimisha mtu afungue faili na kuangalia.

Swali la “Je, mchakato umefikia wapi?” halifanyi hivyo. Jibu lake ni “Tunaendelea na mchakato,” na aliyejibu anakuwa ameshamaliza kazi yake bila kugusa faili. Swali la “Je, wadhamini wangu watatu wote wameshapatikana, na kuna cheti chochote ambacho uhakiki wake haujakamilika?” ni tofauti kabisa. Haliwezi kujibiwa bila kuangalia, na jibu lake, liwe zuri au baya, linamwacha muulizaji na jambo la kufanya. Hii ndiyo tofauti kati ya kufuatilia na kusumbua, na ina uzito kuliko idadi ya siku zilizopita kati ya ujumbe mmoja na mwingine.

Mhasibu akangoja Idi ipite. Jumanne, tarehe 24 Machi, saa nne asubuhi, alipiga simu. Saa hiyo haikuchaguliwa ovyo: asubuhi na mapema ofisi huwa kwenye vikao au zinafungua barua, na baada ya chakula cha mchana watu hutoka. Alipiga namba iliyochapishwa juu ya barua, akaomba kuunganishwa na idara ya rasilimali watu, na akawa na barua ya ofa mkononi ili ataje kumbukumbu namba yake. Mazungumzo ya namna hii hayahitaji zaidi ya dakika tatu.

“Habari za asubuhi, dada. Samahani kwa usumbufu. Mimi ndiye niliyesaini ofa ya nafasi ya mhasibu, tarehe 11 mwezi huu. Naomba kujua kama wadhamini wangu wote wamepatikana.”

“Subiri kidogo niangalie. Wawili tumewapata. Huyu wa chuo simu yake haipatikani.”

“Nashukuru sana. Nitamtafuta leo na kukutumia namba yake mpya kwa barua pepe. Na vyeti, kuna kinachokwama?”

“Kuna suala la majina. Cha kidato cha nne kina mawili tu.”

Wiki mbili za kimya zilikuwa zimekaa juu ya mambo hayo mawili. Siku hiyohiyo mhasibu alimtafuta mwalimu wake wa zamani, akamweleza kwamba atapigiwa simu kutoka Arusha, na kesho yake akaenda kwa wakili kuapa kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Alituma hati ya kiapo pamoja na namba mpya kwenye barua pepe moja, akaeleza ndani yake kile kilichozungumzwa kwenye simu. Muhtasari huo wa maandishi ni muhimu. Afisa aliyepokea simu anaweza kwenda likizo, na anayeshika nafasi yake hataona simu, ataona barua pepe.

Kuhusu Watsapu, maofisa wengi wa rasilimali watu wanaitumia, na si kosa kuitumia ikiwa wao ndio walioanza. Ila jambo lolote la tarehe, mshahara au masharti lirudiwe kwenye barua pepe, na ujumbe uleule usitumwe kwa njia tatu siku moja. Anayepokea simu, Watsapu na barua pepe ndani ya saa moja hujibu mojawapo kwa kifupi na kuziacha nyingine. Vilevile, kumwandikia meneja wa idara aliyemfanyia mtu usaili kunakubalika, lakini baada ya idara ya rasilimali watu kushindwa kujibu mara mbili, na kwa lugha isiyowashtaki wenzake: kumwarifu tu kwamba karatasi zimewasilishwa na kwamba tarehe ya notisi inakaribia.

Ujumbe wenye uzito kuliko zote ni ule unaotaja tarehe ya mwisho. Mhasibu aliutuma Jumatatu, tarehe 30 Machi, siku tatu za kazi kabla ya Alhamisi yake. Uliandikwa hivi:

“Ndugu Afisa Rasilimali Watu,

Yah: Uthibitisho wa masharti ya ofa kabla ya kutoa notisi

Rejea barua yenu ya ofa ya tarehe 9 Machi 2026, niliyoisaini na kuirudisha tarehe 11 Machi. Mkataba wangu wa sasa unanitaka nitoe notisi ya siku 28. Ili niweze kuanza kazi tarehe 4 Mei kama mlivyoelekeza, natakiwa kuikabidhi ifikapo Alhamisi, tarehe 2 Aprili.

Naomba mnithibitishie kwa maandishi kabla ya siku hiyo kwamba masharti yote yaliyotajwa kwenye ofa yametimia. Iwapo uthibitisho utahitaji muda zaidi, naomba tarehe ya kuanza isogezwe hadi Jumatatu ya kwanza baada ya notisi yangu kwisha.

Bado naisubiri kazi hii kwa hamu, na niko tayari kuleta karatasi yoyote inayohitajika.”

Hakuna tishio ndani ya barua hiyo, wala malalamiko. Inampa afisa tarehe halisi anayoweza kuipeleka kwa mkurugenzi wake, na inamwonyesha njia ya pili asipoweza kuifikia. Sehemu hiyo ya kusogeza tarehe ndiyo ngao ya mwajiriwa. Waajiri wengi wanajua notisi ipo na wanaifahamu sheria yake, na anayesema mapema kwamba hawezi kuacha kazi bila uthibitisho huonekana mtu anayeheshimu mikataba. Ofisi nyingi huandikiana kwa Kiingereza. Ujumbe huohuo unaweza kuandikwa kwa lugha hiyo, mradi tarehe na ombi vibaki wazi hivyohivyo.

Alhamisi ikafika bila jibu. Mhasibu alipiga simu asubuhi, akaambiwa mkurugenzi yuko safarini na atarudi baada ya Pasaka. Hakukabidhi notisi. Huu ndio wakati mgumu kuliko wote, kwa sababu moyo wa mtu humwambia kwamba akikosa tarehe ya kuanza atakuwa ameikosa kazi. Lakini kazi ambayo masharti yake hayajathibitishwa bado haijakamilika kuwa yake, na mwajiri aliyeshindwa kujibu ndani ya wiki tatu hana hoja nzuri ya kumlaumu kwa kuchelewa wiki moja.

Sheria nayo haimpi kinga kubwa katika kipindi hiki, na inafaa aijue mapema. Masharti ya kumlinda mfanyakazi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali hayamhusu aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi 6, sembuse aliyekuwa hajaanza. Orodha ya maelezo ya ajira ambayo mwajiri analazimika kuyatoa kwa maandishi, kama vile kazi yenyewe, mahali, saa na malipo, inadaiwa mfanyakazi anapoanza kazi, si kabla. Anayeondolewa kwenye ofa aliyoikubali anabaki na hoja za sheria ya mikataba, na hoja hizo hudhoofika sana pale ofa ilipokuwa na masharti ambayo hayakutimia. Aliyeacha kazi kwa sababu aliandikiwa kwamba masharti yametimia yuko mahali pazuri zaidi kuliko aliyeacha kwa sababu ya ukimya, na wakili atakayemwendea ataanza kwa kuuliza karatasi hiyo.

Kwa Kenya hesabu inafanana: Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inataja siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi.

Yapo majibu yanayostahili kupimwa kwa makini. “Anza tu, mkataba utaukuta” linaweza kutoka kwa mwajiri mwaminifu, hasa kwa kuwa sheria haimlazimishi kuutoa mapema, lakini kwa mtu anayeacha kazi nyingine ni busara kuomba kwanza barua pepe inayosema kwamba uhakiki umekamilika na kwamba mshahara na cheo ni vile vilivyo kwenye ofa. Tarehe ya kuanza inayosogezwa mara mbili bila sababu kutajwa ni dalili kwamba fedha za nafasi hiyo hazijapitishwa, na hapo muulizaji ana haki ya kuuliza moja kwa moja kama bajeti imeidhinishwa. Na kimya kinachovunjwa na ombi la pesa, iwe ya sare, ya vipimo au ya “kuharakisha faili,” kinapaswa kusimamisha kila kitu. Hapo kinachofuata ni kutafuta namba ya ofisi kutoka chanzo kingine, si ile iliyokuja na ombi, na kuuliza kama ofa hiyo ipo kweli.

Wakati wote huo mhasibu aliendelea na kazi yake ya Dar es Salaam kama kawaida, hakuaga, hakubadilisha wasifu wake mtandaoni. Hata hivyo, alimweleza mapema mdhamini wake wa tatu, aliyekuwa msimamizi wake wa zamani katika kampuni ileile, ili simu kutoka Arusha isizue maswali ofisini. Mdhamini aliye ndani ya ofisi ya sasa huvujisha habari bila kukusudia, na ni heri kuwaambia waajiri wapya tangu mwanzo kwamba huyo apigiwe mwishoni, baada ya mengine yote kukamilika.

Jibu lilikuja Jumatano, tarehe 8 Aprili. Uhakiki umekamilika, mkurugenzi amesaini, tarehe ya kuanza imesogezwa hadi Jumatatu, tarehe 11 Mei. Mhasibu hakutoka mbio kwenda kwa bosi wake. Alilinganisha barua mpya na ile ya tarehe 9 Machi, mstari kwa mstari: mshahara, cheo, kituo cha kazi, kipindi cha majaribio. Kisha akaandika notisi, akaikabidhi Alhamisi, tarehe 9 Aprili, na kuondoka na nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe yake. Siku ya 28 iliangukia Alhamisi, tarehe 7 Mei, na ikambakizia siku tatu za kuhamia Arusha.

Kulikuwa na ujumbe mmoja zaidi wa kutuma, siku kumi kabla ya kuanza, na huu ulijibiwa ndani ya saa chache: afike saa ngapi, amuulizie nani mapokezini, na abebe nini. Alielekezwa kuleta vyeti halisi, namba ya NIDA, namba ya mlipakodi, namba ya uanachama wa NSSF, taarifa za akaunti ya benki na picha mbili za pasipoti.